Soma Jina Lililoandikwa

Mtu aliyeniibia aliniambia pole mara tatu. Mara ya kwanza ni kadi ilipokataa kuingia. Mara ya pili ni mashine iliposema namba yangu ya siri si sahihi. Mara ya tatu ni nilipokuwa natoka nje mikono mitupu. Nilimwambia asante, tena kutoka moyoni, na hiyo asante huniuma hadi leo kuliko pesa zenyewe.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili unusu jioni, tao Nairobi. Benki zilikuwa zimefungwa tangu saa kumi, na laini ya ATM ilikuwa imetoka nje ya kile chumba cha kioo hadi kwenye lami ya waendao kwa miguu. Ndani kulikuwa na mashine mbili, lakini moja ilikuwa imebandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu: Haifanyi kazi. Baadaye nilikuja kujiuliza ni nani aliyeibandika. Wakati huo niliguna tu kama wenzangu na kungoja zamu yangu.

Nilitaka shilingi 3,000 za wikendi. Kwenye akaunti kulikuwa na 84,300. Kati ya hizo, zangu zilikuwa 14,300. Zile 70,000 zilikuwa za chama. Tuko watu saba, marafiki wa tangu chuo, na kwa miezi mitano kila mmoja alikuwa ametoa 2,000 kila mwezi ili tununue hema na viti vya plastiki tuwe tunakodisha kwa harusi na matanga. Mimi ndiye nilichaguliwa mhazini. Tulisema tutafungua akaunti ya chama tukipata muda wa kuandika katiba. Hatukupata muda.

Zamu yangu ilipofika, kadi iliingia nusu ikakwama, kama kuna kitu kwenye tundu. Jamaa aliyenitangulia alikuwa bado amesimama pembeni, akipanga risiti kwenye bahasha ya kaki. Shati jeupe, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, miaka arobaini hivi. Ungemuona ungesema ni mwalimu mkuu au afisa wa kaunti.

"Pole, bosi," akasema. "Hiyo mashine imesumbua watu tangu asubuhi. Chipu ikiwa na vumbi, inakataa. Lete nikuonyeshe vile inafanywa."

Nikampa. Sijui kama naweza kueleza vizuri jinsi nilivyompa. Hakuninyang'anya. Alinyoosha mkono, na nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na wawili waliochoka, na kuna mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu sana nami akisema, "Saidiwa haraka, kijana, tuko na matatu za kushika." Mkono wangu ukajiendea. Jamaa akaifuta kadi kwenye mkono wa shati, mbele, nyuma, mbele tena, halafu akaiingiza. Ikaingia laini kama siagi.

"Weka pin sasa."

Nikaweka. Mashine ikasema si sahihi.

"Pole. Ulibonyeza haraka. Weka tena, polepole."

Nikaweka tena, polepole, kidole kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Yule mama alikuwa begani kwangu. Si sahihi.

Nilipotaka kujaribu mara ya tatu, jamaa alinishika kiwiko kwa upole. "Usirudie, bosi. Mara ya tatu itamezwa, na leo ni Ijumaa. Utakaa bila kadi hadi Jumatatu." Akabonyeza kitufe chekundu cha CANCEL, kadi ikatoka, akanipa mkononi. "Jaribu ile ya kule juu kwa supamaketi. Pole sana." Nikasema asante. Nikaitia kadi kwenye waleti, nikaona nimechoka kupanga laini nyingine, nikaelekea steji. Nauli ilikuwa kwa M-Pesa.

Meseji ya kwanza iliingia saa moja na dakika mbili, nikiwa ndani ya matatu. Sikuiona, kwa sababu kama mtu yeyote wa Nairobi nimefunzwa nisitoe simu nikiwa nimekaa kando ya dirisha. Niliziona zote mbili saa tatu usiku, nimeshakula. Shilingi 40,000 zimetolewa kwa ATM. Dakika moja baadaye, 10,000. Kikomo cha kadi yangu kwa siku kilikuwa 50,000.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoibiwa mara ya pili. Moyo uliruka, nikachukua waleti, nikaifungua. Kadi ilikuwa pale. Rangi ya benki yangu, nembo ya benki yangu, mahali pake pa kawaida nyuma ya kitambulisho. Nikatulia. Nikajiambia, mtu hawezi kutoa pesa kwa ATM na kadi ninayo mimi. Kwa hivyo ama mitambo ya benki imechanganyikiwa, ama hizi ni zile meseji feki za wakora wanaotaka upige simu uwape siri zako. Nikajiona mjanja. Nikasema nitaenda benki kesho. Nikalala.

Saa sita na dakika nne usiku, siku mpya ilipoanza na kikomo kuanza upya, walitoa 34,000. Niliiona hiyo meseji asubuhi. Kwenye akaunti kulikuwa kumebaki mia na kitu, baada ya makato.

Benki yangu hufungua Jumamosi hadi saa sita mchana. Nilikuwa mlangoni kabla ya askari. Afisa aliyenihudumia alikuwa msichana wa rika langu, akanisikiliza hadi mwisho bila kuandika chochote, kisha akaomba kadi. Nikaitoa, nikaisukuma mezani. Akaiangalia. Akaniangalia. Akaiangalia tena.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Soma jina lililoandikwa."

Lilikuwa jina la mwanamke. Jina refu la mama mtu mzima, la ubatizo, la kwao na la mumewe. Nilikuwa nimetembea nalo mfukoni usiku mzima. Kwa dakika kumi zilizofuata, mimi ndiye niliyekuwa mshukiwa: kijana ameingia benki na kadi ya mama wa watu. Aliita mkubwa wake. Wakaniuliza kitambulisho, wakalinganisha picha, wakaniuliza nieleze tena kuanzia kwa laini. Nilipofika kwa yule jamaa kuifuta kadi kwenye shati, mkubwa akatikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

Alinieleza polepole, na ninakueleza vile alivyonieleza. Kadi za siku hizi zina chipu, na chipu ni ngumu kunakili. Zamani mwizi angeweza kunakili ule mstari mweusi wa nyuma na kukuachia kadi yako. Akitaka chipu, inabidi achukue kadi yenyewe. Lakini kadi bila namba ya siri haimfaidi kwenye ATM, na namba bila kadi pia haimfaidi. Anahitaji vitu viwili kutoka kwa mtu mmoja ndani ya dakika mbili, na anahitaji mtu huyo aende nyumbani ametulia. Kwa hivyo wanakuja wawili au watatu. Mmoja anaharibu tundu kwa kipande cha karatasi ngumu au gundi kidogo, kisha anabaki pale kuwa msamaria. Mwingine anasimama nyuma yako kukuharakisha na kusoma vidole vyako. Kadi wanayokubadilishia huwa ya benki hiyo hiyo, kwa hivyo wanatembea na kadhaa. Na wanazitoa wapi? Kwa watu waliowasaidia kabla yako.

"Namba yako ya siri haikuwa na makosa," akaniambia. "Uliiweka sawasawa mara mbili. Kadi ndiyo haikuwa yako."

Hiyo sentensi ningeichora ukutani kwenye kila ATM nchini. Unaijua namba yako. Umeitumia miaka. Ikiwa mtu ameshika kadi yako, hata kwa sekunde tatu, halafu mashine ikakuambia namba si sahihi, usijilaumu vidole. Toa hiyo kadi, isome, na ufunge akaunti hapo hapo ukiwa bado umesimama pale. Ndiyo maana yule jamaa hakutaka nijaribu mara ya tatu. Mashine ingeimeza ile kadi, ningebaki nikipiga kelele na kuita askari. Alitaka nitoke na kitu mfukoni. Nimekuja kuelewa kwamba ile kadi ya mama haikuwa ya kudanganya mashine. Ilikuwa ya kudanganya mfuko wangu, na ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Saa tatu usiku nilikuwa na nafasi ya kuokoa shilingi 34,000. Simu moja tu ya kufunga kadi. Sikuipiga kwa sababu niligusa plastiki nikaamini.

Kisha yule afisa msichana akapiga simu. Alikuwa ameingiza namba ya ile kadi kwenye kompyuta na kupata simu ya mwenyewe. Nilisikia upande mmoja tu.

"Mama, habari ya asubuhi. Napiga kutoka benki. Sitaki namba yako ya siri, tafadhali usinipe. Nataka tu kujua, kadi yako iko wapi?" Akangoja. "Iko kwa mkoba. Sawa. Tafadhali itoe." Akangoja tena. Kulikuwa na saa ya ukutani pale, nikaisikia. "Sasa mama, nisomee jina lililoandikwa."

Sikusikia jibu. Niliona tu uso wa afisa. Mama alikuwa amesoma jina la mtu wa tatu. Hakuwa amejiandikisha kupokea meseji za akaunti, kwa hivyo hakuwa anajua chochote. Tangu siku aliposaidiwa alikuwa anatembea na kadi ya mtu mwingine, ambaye labda naye alikuwa na ya mtu mwingine, na kadi yangu nayo wakati huo ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, ikingoja kupewa mtu atakayesema asante.

Pesa hazikurudi. Benki ilinijibu kwa barua baada ya wiki kadhaa: kadi halisi, chipu halisi, namba sahihi kila mara. Kwa mashine, ni mimi niliyetoa. Niliripoti polisi, nikapewa namba ya OB, na niliambiwa picha za kamera za ATM huombwa na mpelelezi, mteja hapewi. Kama yatakukuta, fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa sababu picha hazihifadhiwi milele. Andika saa, mahali, na mavazi kabla kumbukumbu haijaanza kujitungia.

Jumapili niliwaita wenzangu wa chama. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba, lakini nilipowaona nikasema tu, "Pesa zimeibiwa." Kimya. Kisha mmoja, rafiki niliyelala chumba kimoja naye miaka miwili, akauliza bila kuinua macho, "Kwani ulimpa pin?" Najua alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza kama kweli kulikuwa na mtu. Niliwaonyesha nakala ya ripoti ya polisi na fomu ya malalamiko ya benki, wakazipitisha mkono kwa mkono kama obituari. Hakuna aliyeniita mwizi. Lakini mhazini mpya alichaguliwa siku hiyo hiyo, na akaunti ya chama ikafunguliwa Jumatatu, yenye watu watatu wa kutia sahihi. Muda ulipatikana. Ninawalipa 3,500 kila mwezi kwa miezi ishirini. Nimelipa kumi na tatu.

Watu huniuliza sasa ninafanya nini tofauti. Ni machache, na nimeyafanya hadi mikono inayafanya yenyewe.

Kadi yangu hutoka mkononi mwangu kuingia kwenye tundu la mashine, na kutoka kwenye tundu kurudi mkononi mwangu. Haipiti kwa mtu wa tatu, awe askari, awe na kitambulisho shingoni, awe kasisi. Ikikwama, nabonyeza CANCEL, naichukua, naondoka. Ikikataa kutoka, siondoki. Nasimama pale pale nikipiga simu benki, kwa namba niliyoihifadhi kwenye simu mapema. Namba iliyobandikwa kwa stika kando ya mashine siiamini, kwa sababu wezi pia wana printa, na mtu atakayepokea anaweza kuwa mwenzake yule wa shati jeupe.

Kabla sijatoka kwenye kile chumba cha kioo, nasoma jina. Kadi zingine siku hizi hazina jina kwa mbele, kwa hivyo nimekariri pia tarakimu nne za mwisho. Na nyuma, pale pa kutia sahihi, nimetia sahihi kwa kalamu nzito na kuweka nukta mbili. Sijabandika stika, stika hukwama kwenye tundu na kukuletea wasaidizi.

Nikibonyeza namba ya siri, mkono wa kushoto unakuwa paa juu ya ule wa kulia na kifua kinakaribia mashine. Ukionekana mshamba, sawa. Mtu akisimama karibu sana, namgeukia na kusema, "Samahani, nipe nafasi kidogo." Mwanzoni nilidhani ni utovu wa adabu. Nimegundua watu waaminifu hurudi nyuma bila neno. Wanaokasirika ndio wa kutazama.

Kadi yangu sasa iko kwenye akaunti yenye pesa za wiki tu. Akiba iko kwenye akaunti isiyo na kadi, na kikomo cha siku niliomba kishushwe hadi 10,000. Wakati mwingine nahamisha pesa kwa M-Pesa na kutoa kwa wakala, ingawa kuna makato. Na ikija meseji ya pesa nisizotoa, nafunga kadi kwanza, maswali baadaye. Nikikosea, nitalipia kadi mpya na kungoja siku chache. Kulala bila kupiga simu kulinigharimu 34,000.

Sehemu ngumu ni kwa watu kama mamangu. Macho yake hayaoni vizuri ile skrini, na kwa miaka amekuwa akiomba yeyote aliye karibu amsaidie. Kumwambia "usisaidiwe na mtu" ni kumwambia asitoe pesa. Tulikubaliana aende ndani ya benki kwa kaunta, saa za kazi, au angoje mmoja wetu aende naye. Alilalamika kwamba laini ya kaunta ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu.

Mwezi uliopita, ATM moja mtaani, mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka na kuninyooshea kadi yake. "Kijana, hebu nisaidie, hii kitu imenishinda." Nilihisi mkono wangu ukitaka kwenda, vile ulivyoenda ule wa kwanza. Niliurudisha mfukoni.

"Mzee, usinipe. Usimpe mtu yeyote, hata mimi. Iweke mwenyewe, chipu iangalie juu, nitakuambia kitufe cha kubonyeza." Nikageuka nikatazama barabara, nikamwelekeza hatua kwa hatua bila kuangalia vidole vyake. Ilichukua muda. Watu wa nyuma waliguna. Pesa zikatoka, mzee akazihesabu, akacheka kidogo. "Wewe ni mgumu, kijana. Nilidhani umenikataa."

"Hapana, mzee. Kabla hujaenda, angalia kadi. Soma jina lililoandikwa."

Akaisogeza karibu na macho, chini ya taa, midomo ikitembea. Akaitia mfukoni.

"Ni mimi," akasema.